Modeli ya mapafu yenye lobu za kuchomoa: uzoefu wangu wa kuitumia chuoni Mtwara

Nafundisha anatomia kwa wanafunzi wa utabibu hapa Mtwara, na tangu muhula uliopita natumia modeli ya plastiki ya mapafu ya mtu mzima, ya ukubwa halisi, ambayo lobu zake zinachomolewa na kurudishwa kwa sumaku. Niliiagiza Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi. Kwa upande wa nje wa mapafu na nyufa zake nimeridhika sana. Upande wa ndani, kwenye hilamu, yaani mlango ambao mabomba ya hewa na mishipa ya damu hupitia kuingia pafuni, ina kosa ambalo mnunuzi anapaswa kulijua kabla hajatoa hela.

Nianze na kizuri. Pafu la kulia ni fupi na pana kuliko la kushoto, kama lilivyo mwilini, kwa sababu ini linakiinua kiwambo upande huo. La kushoto ni jembamba, na ukingo wake wa mbele una mkato unaoupisha moyo. Chini ya mkato kuna kile kiulimi cha lobu ya juu kinachoitwa lingula. Kulia lobu 3 na nyufa 2, kushoto lobu 2 na ufa 1. Hayo wanafunzi huja wameshayakariri. Wanachokosa ni kujua nyufa hizo zinapita wapi juu ya kifua cha mtu aliye hai, na hapo ndipo modeli hii imenisaidia kuliko picha yoyote ya ukutani.

Namkalisha kijana mmoja aliyejitolea, bila shati, modeli ikiwa mezani kando yake. Namwambia aweke kiganja nyuma ya kichwa. Fupa la bega huzunguka, na ukingo wake wa ndani hulala mshazari karibu sawasawa na ufa mkubwa wa pafu. Tunauchora kwa kalamu: unaanzia nyuma usawa wa pingili ya 3 ya mgongo, unashuka ukipita ubavu wa 5 katikati ya kwapa, unaishia mbele kwenye ubavu wa 6, pale mfupa unapokutana na gegedu. Kulia tunaongeza mstari wa pili, kutoka gegedu la ubavu wa 4 kando ya kidari, ukienda karibu mlalo hadi ukutane na ule wa kwanza kwapani. Mbavu tunazihesabu kwa kuanzia kile kinundu cha juu kwenye kidari, kwa kuwa ubavu wa 2 unashikana hapo. Ukianzia kwenye mtulinga utapotea.

Kalamu ikishawekwa chini, darasa zima linaona jambo lile lile. Mgongoni karibu kote ni lobu ya chini. Mbele karibu kote ni lobu ya juu. Lobu ya kati ya kulia ni pembetatu ndogo ya mbele tu, kati ya ubavu wa 4 na wa 6, na haifiki mgongoni hata kidogo. Chomoa kipande hicho kwenye modeli, kigeuze geuze, utaona mwenyewe kwamba hakina uso wa nyuma.

Mfano ninaowapa ni wa mgonjwa mwenye homa na kikohozi ambaye tabibu amemsikiliza mgongoni pekee, juu mpaka chini, akaandika kwamba kifua ni safi. Stetoskopu ikihamia mbele, kulia, usawa wa chuchu na chini yake kidogo, inasikika milio ya kuchakacha. Kwenye eksirei ukingo wa kulia wa moyo umefifia, lakini mstari wa kiwambo bado unaonekana vizuri. Kwa nini? Rudisha lobu ya kati mahali pake kwenye modeli: ndiyo inayogusana na moyo upande huo. Nimonia ingekuwa katika lobu ya chini, kiwambo ndicho kingefifia na ukingo wa moyo ungebaki. Kushoto, kazi hiyo ya kugusana na moyo inafanywa na lingula, kwa hiyo ugonjwa wa hapo hufuta ukingo wa kushoto. Mwanafunzi aliyeshika vipande hivi mkononi hahitaji kukariri haya.

Sasa lile kosa. Katika pafu la kweli hilamu hizi mbili hazifanani. Kushoto, ateri ya pafu hupinda juu ya bomba kuu la hewa, hivyo ukihesabu kutoka juu unakuta ateri, kisha bomba, kisha vena. Kulia, bomba linalokwenda lobu ya juu huchomoza mapema na kukaa juu ya ateri. Ateri yenyewe iko mbele ya bomba kuu. Vena ziko mbele na chini pande zote mbili. Modeli niliyopata imetengeneza kushoto sahihi, halafu kulia ikanakili kushoto kama kivuli kwenye kioo, ateri juu kabisa. Rangi ziko sawa, ateri buluu kwa kuwa inaleta damu isiyo na oksijeni na vena nyekundu, lakini mpangilio wa kulia si wa binadamu.

Hili lina uzito kwa sababu nyufa peke yake haziaminiki. Ufa wa mlalo wa kulia, ambao plastiki imeukata ukanyooka, kwa watu wengi haukamiliki, na wengine hawanao kabisa. Ukipewa pafu lisilo na kibandiko, ukahesabu lobu tu, unaweza kulitaja kinyume. Hilamu ndiyo shahidi wa kweli, pamoja na mkato wa moyo na mifereji iliyoizunguka: kushoto aota inapita juu ya hilamu na kushuka nyuma yake kwa mfereji mpana, kulia ni vena ya azigosi inayopinda juu yake, na alama yake ni nyembamba. Mifereji hii, niseme haki, modeli imeichonga vizuri.

Na kwenye eksirei ni vivyo hivyo. Hilamu ya kushoto huonekana juu kidogo kuliko ya kulia, kwa sababu ya ile ateri inayopinda juu ya bomba. Ukiona ya kulia imepanda juu kuliko ya kushoto, uliza ni kitu gani kimeivuta: kovu la kifua kikuu katika lobu ya juu ya kulia ni jambo la kufikiriwa mapema, au labda lobu ya chini ya kushoto imesinyaa na kuivuta ya kushoto chini. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa hilamu mbili za kufanana hatashtuka.

Nimebandika mchoro sahihi juu ya hilamu ya kulia, na kwa kugusa natumia mapafu ya mbuzi kutoka buchani, maana bomba la hewa lina gegedu gumu na mishipa ni laini, jambo ambalo plastiki haiwezi kuonyesha. Lobu za mbuzi msizihesabu, zinatofautiana na zetu.

Mkiagiza, mwambieni muuzaji awatumie picha ya uso wa ndani wa pafu la kulia kabla ya kulipa. Kama juu kabisa kuna bomba la hewa, chukueni. Kama kuna bomba la buluu, ombeni bei ishuke au tafuteni nyingine. Sumaku za yangu bado zinashika imara, na rangi haijabanduka kwa joto la huku pwani.