Uzoefu wangu na transfoma mbili za Scott kwa tanuri la Arusha

Tanuri la kupashia vyuma kwenye karakana yetu ya Unga Limited lina vyumba viwili, kila kimoja kilowati 10 kwa volti 230. Umeme unaoingia ni fezi tatu za 400 V, breka kuu 40 A. Ukifunga kila chumba kwenye fezi yake na nyutro, fezi mbili zinabeba 43.5 A kila moja, nyutro nayo inabeba hizo hizo, huku fezi ya tatu imekaa bure. Hizo zinazidi uwezo wa breka. Ndiyo maana nilichukua jozi ya transfoma zilizosukwa hapa hapa mjini kwa mtindo wa Scott, unaogawa mizigo miwili sawa kwenye fezi zote tatu, uliobuniwa na Mmarekani Charles F. Scott miaka ya 1890.

Transfoma kuu inafungwa kati ya fezi mbili, tuseme B na C, na koili yake ya 400 V ina tapu, yaani waya wa kutokea, katikati kabisa. Transfoma saidizi inaanzia kwenye tapu hiyo na kuishia fezi A. Kutoka katikati ya B na C mpaka A kuna 346 V, yaani asilimia 86.6 ya 400, kwa hiyo saidizi inatumia asilimia 86.6 ya mizunguko ya kuu. Upande wa kutolea, zote mbili zina mizunguko sawa na kutoa 230 V, zikipishana nyuzi 90. Vyumba vyote viwili vikiwaka, klampu mita inasoma karibu 29 A kwenye kila fezi, na nyutro haitumiki kabisa. Hapo breka ya 40 A inatosha, ila iwe ya aina ya D, kwa sababu transfoma huvuta mkondo mkubwa sana mara tu zinapowashwa na breka ya B huanguka bila kosa lolote.

Kasoro ya jozi hii ilikuwa ndani ya transfoma kuu, na mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Bila mzigo, kila kitu kilisoma 230 V. Tanuri lilipowaka, kuu ilibaki karibu 226 V lakini saidizi ikashuka hadi 214 V. Sababu ni kwamba mkondo wa saidizi, ukifika kwenye tapu ya kati, unagawanyika na kupita nusu mbili za koili kuu kwa pande zinazopingana. Nusu hizo zikiwa zimesukwa karibu karibu, sumaku zao zinafutana na mkondo unapita kirahisi. Fundi alikuwa amesuka nusu moja mguu huu wa kiini na nusu ya pili mguu mwingine, basi sumaku hazikufutana na volti ikapotelea humo. Alisuka upya, kila mguu ukabeba sehemu ya nusu zote mbili, na tofauti ikaisha.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi aunganishe ncha B na C za transfoma kuu pamoja, upande wa kutolea ukiwa wazi, kisha apitishe volti ndogo kati ya ncha hizo na tapu ya kati. Koili iliyosukwa vizuri inafikisha mkondo wake kamili kwa volti chache tu. Ikidai volti nyingi, usiichukue. Mwulize pia unene wa waya: koili ya kuu inabeba 29 A, siyo 25 A unazopata ukigawa kilowati 10 kwa 400, kwa sababu mkondo wa saidizi unapita humo pia.

Kuhakiki ufungaji ni rahisi. Bila mzigo, unganisha ncha moja ya kila upande wa kutolea, pima kati ya ncha mbili zilizobaki. Lazima upate 325 V. Ukipata karibu 250 au 430, na saidizi inasoma 266 V huku ikiunguruma, imefungwa kwenye ncha ya B au C badala ya tapu ya kati. Saidizi ikisoma 199 V, umetumia koili yake nzima badala ya tapu yake ya asilimia 86.6.

Kosa la hatari zaidi ni kuunganisha nyutro ya TANESCO kwenye tapu ya kati kwa kudhani ni kitu kimoja. Kati ya nyutro na tapu hiyo kuna 115 V. Ukiziunganisha, hata tanuri likiwa limezimwa, mkondo mkubwa unazunguka kwenye koili na fyuzi zinakatika papo hapo. Tapu ile iende kwa saidizi tu. Bodi za transfoma ndizo ziunganishwe ardhi.

Mizani ya fezi ipo pale tu vyumba vyote viwili vinapovuta sawa. Kikibaki chumba cha kuu peke yake, B na C zinabeba 25 A na A haina kitu. Kikibaki cha saidizi, A inabeba 29 A na nyingine mbili nusu yake. Kwa anayewasha chumba kimoja tu kwa wakati mmoja, transfoma moja ya 400 kwa 230 V kati ya fezi mbili inamtosha, na shaba yake ni karibu nusu.