Kusoma maandishi yaliyogeuka kwenye kioo au selfi: uzoefu wangu na Snapseed pamoja na Google Lens

Kazi ninayoitolea maoni ni ndogo lakini hujitokeza kila wiki kwenye meza ya kuchapa: mteja anakuja saiba na picha ya kioo cha duka iliyopigwa kutoka ndani, au selfi ambayo bango la nyuma limegeuka, naye anataka maneno yale yachapwe sawasawa. Kwa kazi hii natumia Snapseed kugeuza picha na Google Lens kunakili maandishi. Zote mbili ni za bure. Naipa njia hii nyota nne kati ya tano, na nyota ya tano naizuia kwa sababu ya tarakimu, nitakazozieleza huko chini.

Kabla ya kugusa picha, hesabu imegeuzwa mara ngapi. Kusoma kibandiko cha kioo kutoka upande wa nyuma ni mara moja. Kamera ya mbele inayohifadhi selfi kama inavyoonekana kwenye skrini ni mara moja pia. Zikikutana mbili, maandishi yanarudi sawa. Ndiyo maana selfi iliyopigwa ndani ya matatu huweza kuonyesha kibandiko cha dirishani kikisomeka vizuri huku maneno kwenye fulana ya abiria yamegeuka. Picha kama hiyo haiwezi kunyooshwa yote kwa mkupuo mmoja, kwani ukinyoosha fulana unapindua dirisha. Tengeneza nakala mbili, kila nakala uisomee sehemu yake.

Kwenye aifoni kuna mtego mwingine. Kwa kawaida skrini inakuonyesha kama kioo wakati wa kupiga, lakini picha inayohifadhiwa imenyooka, isipokuwa kama umewasha `Mirror Front Camera` ndani ya `Settings`, sehemu ya `Camera`. Kwenye simu za Samsung kitufe kinaitwa `Save selfies as previewed`, kimo katika mipangilio ya kamera. Ukikizima, selfi mpya zitahifadhiwa zikiwa zimenyooka.

Sasa kugeuza kwenyewe. Fungua picha katika Snapseed, ingia `Tools`, kisha `Rotate`, ubonyeze alama ya kugeuza kushoto kulia. Mwenye aifoni anaweza kufanya hivyo bila kuongeza programu yoyote: afungue picha, `Edit`, aingie sehemu ya kukata picha, kisha abonyeze alama ya pembetatu mbili pembeni juu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuizungusha picha nusu duara akidhani amegeuza. Kuzungusha kunaangusha maandishi kichwa chini, na hata ukikisimamisha kichwa chako namna gani, bado yatakuwa yamegeuka. Kugeuza kunabadilisha kushoto na kulia peke yake. Juu hubaki juu.

Usiruke hatua hii ukaipa Lens picha iliyogeuka moja kwa moja. Programu za kusoma maandishi hulinganisha maumbo na herufi zilizonyooka. Herufi kubwa A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y zina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo hazibadiliki kwenye kioo. Programu itazisoma kwa uhakika wote, kisha zile nyingine izikisie, na utapata mchanganyiko unaofanana na maneno.

Chukua mfano wa kioo cha saluni, kimebandikwa herufi za stika zilizokatwa, nawe uko ndani:

MAMA NA MTOTO
KUSUKA 850
KUOSHA 250

Mstari wa kwanza, kutoka ndani, unaonekana OTOTM AN AMAM, na herufi pekee inayokufichulia kwamba umegeuka ni N, maana mshazari wake umeelekea upande usio wake. Huo ni rahisi. Shida imo katika mistari miwili ya chini kwa anayechapa kwa jicho bila kugeuza picha. Anasoma kutoka kulia kwenda kushoto, na mpangilio anaupata sawa, lakini anasahau kwamba umbo la kila herufi nalo limegeuka. S iliyogeuka inafanana na Z, hivyo KUSUKA inachapwa KUZUKA. Kikagua tahajia hakitapiga mstari mwekundu, kwa kuwa kuzuka nalo ni neno. Vivyo hivyo L iliyogeuka inasomeka J, na KULA inakuwa KUJA. Kwa herufi ndogo ni b na d, na p na q: baba anachapwa dada.

Tarakimu ndizo zinazogharimu watu pesa. Katika maandishi ya pembe pembe, kama yale ya saa za kidijitali, 2 iliyogeuka ni 5 kamili, na 5 iliyogeuka ni 2. Bei ya 250 kutoka ndani ya kioo inaonekana 025. Mtu anarudisha mpangilio, anapata 520, anachapa. Bei ya kuosha nywele imezidi maradufu, na hakuna kosa lolote linaloonekana kwenye karatasi. 850 nayo inakuwa 820. Neno lina maneno jirani ya kulisahihisha, tarakimu haina. Kwa hiyo hata baada ya Lens kunakili, mimi husoma kila namba tena kutoka kwenye picha iliyonyooshwa, tarakimu moja moja, na namba ndefu naigawa kwa tatu tatu.

Ubora wa picha unaamua mengi. Mchana, ukiwa ndani, stika nyeupe huonekana nyeusi kwa sababu mwanga unatoka nje nyuma yake. Hilo halina neno, Lens inasoma tu. Kinachoharibu ni kamera kulenga magari ya barabarani badala ya kioo. Bonyeza juu ya herufi yenyewe kwenye skrini hadi ilengwe, ndipo upige. Usiku mambo yanageuka: taa za ndani zinajionyesha kwenye kioo na kufunika herufi, basi zima iliyo nyuma yako. Na zile stika za matundu zinazofunika kioo kizima cha matatu hazisomeki kabisa kutoka ndani, kwani nyuma yake ni nyeusi. Hizo lazima zipigwe kutoka nje.

Picha zikiwa nyingi, simu inachosha. Kwenye kompyuta natumia ImageMagick kugeuza picha na Tesseract, iliyosakinishiwa data ya Kiswahili, kusoma maandishi:

```
magick kioo.jpg -flop sawa.png
tesseract sawa.png matokeo -l swa --psm 6
```

Andika `-flop`, si `-flip`. Ya pili inageuza juu chini. Maandishi yatakaa katika `matokeo.txt`. Hiyo `--psm 6` inaiambia programu kwamba ni fungu moja la maandishi. Kama maneno yametawanyika huku na huku kwenye kioo, weka 11.

Kwa selfi moja au bango moja, simu inatosha na kazi huisha kabla chai haijapoa. Kwa orodha ya bei, ongeza muda wa kuhakiki namba na umwonyeshe mteja picha iliyonyooshwa kando ya ulichochapa, kabla hujabonyeza kuchapisha.