Kaunta ya Masafa ya Bei Nafuu: Miezi Mitano Nayo, na Saa ya Msikiti Iliyonifundisha Kuisoma

Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Tanga. Kaunta hii ya masafa, kifaa kinachohesabu mapigo ya umeme kwa sekunde, niliinunua kwa shilingi elfu 85 kwa sababu ya kazi moja tu. Mzee mmoja wa msikiti wa mtaani kwetu alinijia na saa ya ukutani, zile za taa nyekundu zinazoonyesha nyakati za sala, akasema, "Fundi, saa yetu inakimbia. Kila mwezi tunairudisha nyuma, na kila mwezi inatukimbia tena."

Nilimwomba aniandikie inakimbia kiasi gani. Mzee huyu ni mtu wa hesabu, akaniletea karatasi: siku 30, mbele kwa sekunde 78. Yaani sekunde 2.6 kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa ilikuwa mbele kwa takriban sehemu 30 katika kila milioni. Shikeni namba hiyo ya 30, maana itatusumbua mpaka mwisho.

Ndani ya saa kuna chipu ya DS1307 na kristali ndogo inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Chipu hugawanya mitetemo hiyo kwa mbili mara kumi na tano ikapata sekunde moja. Kristali ikitetemeka haraka, sekunde inafupika na saa inakimbia. Basi nikajiambia kazi ni nyepesi: nipime kristali, nione imezidi kiasi gani, niirekebishe.

Kaunta yenyewe ni kiboksi chenye tarakimu nane, na boksi lake linazitangaza hizo tarakimu nane kwa maandishi makubwa kuliko kitu kingine chochote. Ina tundu moja la kuingizia mawimbi, kitufe cha kuchagua muda wa lango, na kitufe cha kupima kipindi, ambacho nitakifikia.

Kosa langu la kwanza halikuwa la kaunta. Niligusisha waya wake wa koaksia moja kwa moja kwenye mguu wa kristali, nikasoma namba inayochezacheza kati ya 32,767 na 32,768. Kwa kipimo hicho saa ilikuwa inachelewa, ilhali karatasi ya mzee inasema inakimbia! Waya ule unabeba uwezo wa kapasita wa makumi ya pikofaradi, na kristali ya aina hii imetengenezwa kubeba pikofaradi 12.5 tu. Ukiizidishia mzigo inapunguza mwendo, na wakati mwingine inasimama kabisa. Nilikuwa napima kristali pamoja na waya wangu. Kwenye DS1307 mguu wa kupimia ni ule ulioandikwa SQW/OUT, unaotoa mapigo yaliyokwisha kupita ndani ya chipu. Unauwekea risista ya kiloohm 10 kwenda volti 5, kisha kwa Arduino unaiambia chipu itoe mapigo gani:

```
Wire.beginTransmission(0x68);
Wire.write(0x07);
Wire.write(0x13);  // 32768 Hz; 0x10 = 1 Hz
Wire.endTransmission();
```

Sasa nikapata 32,769, na mara mojamoja 32,768. Hapo ndipo tarakimu nane zilipoanza kupoteza utamu. Kaunta ya namna hii inafungua lango kwa sekunde moja, inahesabu mapigo yanayopita, inafunga lango, inakuonyesha hesabu. Haina nusu pigo. Pigo la mwisho likiwahi kabla mlango haujafungwa linahesabiwa, likichelewa kidogo haliko. Kwa lango la sekunde moja, hatua ndogo kabisa unayoweza kuiona ni hertsi moja. Hertsi moja katika 32,768 ni sehemu 30.5 kwa milioni, karibu sawasawa na ule ugonjwa wote wa saa ya msikiti. Ni kama kupima kitambaa cha leso kwa fito ya mita moja isiyo na alama.

Ukiwasha lango la sekunde 10 hatua inakuwa hertsi 0.1. Nilisoma 32,768.9 na 32,769.0 zikipokezana. Hii ni afadhali, lakini hatua moja bado ni sehemu 3 kwa milioni, yaani sekunde 8 kwa mwezi. Kuongeza lango kunaongeza tarakimu moja kila unapozidisha muda mara kumi. Kaunta yangu inaishia sekunde 10, na hata ingeruhusu 100, nani ataka kusubiri karibu dakika mbili kila anapogusa skrubu? Ukipima redio ya megahertsi 8 hutaliona tatizo hili, kwa sababu ile hertsi moja ni chembe ndogo sana ya milioni nane. Wanaoisifu kaunta hii wengi wanapima redio. Wa saa tunaumia.

Njia ya kutokea ni kile kitufe cha kipindi, na kwangu mimi ndicho kilicholipia elfu 85. Badala ya kuhesabu mapigo ya saa ndani ya lango la kaunta, unageuza kibao: mapigo ya saa ndiyo yanafungua na kufunga lango, na kaunta inahesabu mapigo ya osileta yake yenyewe, yaani kristali yake ya ndani, ya megahertsi 10. Niliiambia chipu itoe pigo moja kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo, osileta ya kaunta inapiga takriban mara milioni kumi, kila moja ikiwa sehemu ya kumi ya mikrosekunde. Sekunde ile ile moja ya kusubiri, lakini hatua sasa ni 0.1 kwa milioni, ndogo mara 300 kuliko mwanzo.

Nikasoma mikrosekunde 999,970.5. Sekunde ya saa ni fupi kwa mikrosekunde 29.5, yaani saa inakimbia kwa 29.5 kwa milioni. Karatasi ya mzee ilisema 30. Nilifurahi, nikamwita kijana wangu aje aone.

Kijana ndiye aliyeharibu furaha. "Na wewe boss, hiyo kaunta nani kaipima?" Nilikuwa na moduli ya GPS ya NEO-6M drooni, ina mguu unaotoa pigo moja kila sekunde, na ikishashika setilaiti pigo hilo halipotei zaidi ya sehemu ndogo ya mikrosekunde. Tukauingiza kwenye kaunta kwa kipimo kile kile. Ilipaswa kusoma 1,000,000.0. Ilisoma 1,000,008.0.

Sekunde ya GPS haikurefuka. Ni osileta ya kaunta inayokimbia kwa 8 kwa milioni, hivyo inapiga mara nyingi zaidi ndani ya sekunde ile ile. Kila kitu inachopima inakiona kirefu kwa kiasi hicho. Basi tarakimu zangu za mwisho zilikuwa zinasomeka vizuri kabisa, zimetulia, na zote ni za uongo. Lango lilikuwa limeacha kuwa kikwazo, kikwazo kikawa rejea, yaani osileta ile tunayopimia.

Na si uongo wa namba moja. Asubuhi ukiiwasha inasoma 1,000,004, kisha inapanda polepole mpaka nusu saa ipite ndipo inatulia kwenye 008. Kristali yake imepangwa karibu na kidhibiti cha volti kinachochemka, na ndani ya boksi hakuna tundu la hewa. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu bidhaa hii. Kristali iliyofungwa ndani ya kitanuri chake, kama za kaunta za maabara, ingeondoa shida hii, lakini huipati kwa elfu 85. Hata kusogeza sehemu mbili kwenye bodi kungesaidia, na hakugharimu kitu.

Kuna trima, kapasita ndogo ya kuzungusha, kando ya kristali ya kaunta. Nilisubiri dakika 40, nikaizungusha kwa bisibisi ya plastiki (ya chuma inabadilisha kipimo ukikaribisha tu), hadi GPS ikasoma 1,000,000.0. Kisha nikaipima tena saa ya msikiti: 999,962.5. Yaani inakimbia kwa 37.5, si 30.

Hapo nikakwama. Kaunta sasa ni ya kweli, mbona inapingana na karatasi ya mzee? Sikutaka kuamini kwamba mzee kakosea, na hakukosea. Nikaweka tu trima ya pikofaradi 2 hadi 10 kati ya miguu ya kristali ya saa, nikairekebisha hadi 1,000,000.0, nikairudisha ukutani. Baada ya siku 30 ilikuwa nyuma kwa sekunde 20.

Nilitia kipimajoto ndani ya boksi la saa, taa zikiwaka na kifuniko kimefungwa: nyuzi 40. Mezani kwangu, ikiwa wazi chini ya feni, ilikuwa 27. Kristali hizi za saa hutetemeka haraka kuliko kote zikiwa karibu na nyuzi 25, na zikitoka hapo, kwa joto au kwa baridi, zinapunguza mwendo: 0.034 kwa milioni, mara mraba wa tofauti ya nyuzi. Nyuzi 15 za ziada zinatoa 7.65. Ndiyo ile 7.5 iliyopotea kati ya meza na ukuta, na ndizo zile sekunde 20 za mwezi.

Kwa hiyo siku ile ya furaha, kosa la kaunta na joto la boksi yalikuwa yamefutana karibu kabisa. Ningeirekebisha saa kwa kaunta mbovu nisingejua kitu, na saa ingekwenda vizuri ukutani!

Safari ya pili niliiacha mezani kwenye 999,992.5 makusudi, nikafunga kifuniko, nikawasha taa, nikaenda kula. Baada ya saa mbili ilisoma 999,999.8. Mwezi uliofuata mzee aliniletea karatasi nyingine: sekunde 2.

Kaunta ninayo bado na nampa nyota nne aliyeitengeneza, moja nimeiondoa kwa kile kidhibiti cha volti. Kwa anayetaka kupima saa: tumia kipindi na si masafa, iwashe nusu saa kabla, na nunua moduli ya GPS siku hiyo hiyo. Juzi niliiangalia tena na GPS ikasoma 1,000,000.6. Trima sijaigusa.