Miwani ya jua kwa dereva: ipi ya kwanza, ipi ya kuacha

Usichague miwani kwa weusi wake. Weusi hupunguza mwanga unaouona tu. Kinachozuia miale ya urujuanimno, yaani UV, miale ya jua isiyoonekana, ni malighafi ya lenzi au kinga iliyowekwa ndani au juu yake. Lenzi nyeusi isiyo na kinga inaweza kukudhuru, kwa kuwa mboni hutanuka nyuma yake na kuruhusu miale zaidi iingie. Kwa hiyo tafuta kwanza alama ya UV400, yaani lenzi inazuia miale hadi nanomita 400. Kama haipo, weka chini.

Kwa kuendesha mchana, naweka juu kabisa lenzi ya plastiki ya polikaboneti yenye polaraizi, daraja la 3 la weusi, rangi ya kijivu. Polikaboneti huhimili kishindo bila kupasuka ovyo, na kwa asili yake huzuia karibu miale yote hiyo. Daraja la 3 hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, kiasi kinachotosha jua kali. Kijivu hakipotoshi rangi za taa za barabarani. Polaraizi nayo hukata mng'ao unaoruka kutoka lami iliyolowa au boneti; ghafla unaona alama za barabara zilizokuwa zimemezwa na mwanga. Ila haina uhusiano na urujuanimno, hivyo kibandiko cha polaraizi peke yake hakitoshi.

Ya pili ni lenzi ya CR-39, plastiki nyingine, yenye polaraizi. Huonyesha vitu kwa usafi zaidi na haichubuki upesi kama polikaboneti, lakini haistahimili kishindo kama hiyo, kwa hiyo dereva naye apime. Ya tatu ni lenzi ya UV400 isiyo na polaraizi, na hapo nina sababu: polaraizi inaweza kufifisha skrini ya dashibodi au simu inayokuongoza njia. Keti kwenye gari lako ukiwa umeivaa kabla ya kuamua.

Kioo nakiweka nyuma. Hakichubuki kirahisi, lakini ni kizito na kikipasuka kiko karibu na jicho.

Mbili ziache kabisa kwa usukani. Daraja la 4 hupitisha asilimia 3 hadi 8 tu, na halifai kuendeshea. Lenzi za kawaida zinazojitia giza zenyewe nazo hazijitii giza vya kutosha ndani ya gari, maana kioo cha mbele huzuia miale ileile inayoziamsha.

Dukani, tazama skrini ya simu kupitia lenzi huku ukiizungusha miwani polepole. Polaraizi ikiwepo, kwa simu nyingi skrini itafifia mahali fulani. Kisha inyooshe mbali, utazame ukingo wa mlango kupitia lenzi huku ukiisogeza kushoto na kulia. Ukingo ukijipinda, lenzi ina kasoro. Kinga ya urujuanimno haionekani kwa macho. Mwombe fundi wa miwani aipime kwa kipimo chake.