Ile taa ya kujiwasha yenyewe tulinunua na makuta ya kijiji: jicho ni zuri, minuteri bado naikasirikia, na ku ile duka sinunue tena

Naandika na hasira bado iko ku roho, munivumilie. Mama mwenye kutunzaka makuta ya kijiji chetu alirudisha taa ku duka, ameifunga muzuri ndani ya kitenge kama mutoto, alitembea nayo kutoka huku juu mpaka mjini, na muuzaji akamuangalia mbele ya bakliya wengine akasema, "Mama, vitu vya kuran si vya batu ba kijiji, rudi utumie koroboi yako." Hakufungua hata kitenge, hakuuliza taa iko na shida gani. Mama huyu ana umri wa kumuzaa. Njo maana sitaanza na uzuri wa taa, hata kama uzuri uko.

Kwetu ni upande wa Munigi, ukipanda kutoka Goma, fasi njia yote ni mawe ya volkano. Ile mawe ni nyeusi na makali, na usiku jiwe na njia vinakuwa kitu kimoya, hata tochi ya telefone haisaidie sana juu weusi unameza mwanga. Ku kona ya bomba la maji batoto banapasukaka magoti kila juma. Njo mimi nikaandika maneno kidogo ya kusoma ku mukutano wa kijiji, na karatasi bado ninayo, naweka hapa vile nilisema:

"Papa shefu, bazee, bamama, na ninyi vijana muko nyuma kule. Siombi taa ya kila nyumba. Naomba taa moya, ku kona ya bomba, fasi sisi wote tunapitaka. Ni ya wati 30. Ikiwaka usiku muzima, masaa 12, inakula 0.36 ya yunite moya ya kontere, mwezi muzima ni karibu yunite 11. Sisi tuko manyumba 18, kwa hiyo kila nyumba italipa zaidi kidogo ya nusu yunite kwa mwezi. Tukiongeza minuteri, ikazima saa 5 ya usiku wakati batu banalala, ikawasha tena saa 10 na nusu wakati bamama banashuka ku maji na ku soko, inabaki karibu yunite 6 kwa manyumba yote 18. Na hakuna mutu atapewa kazi ya kuwasha na kuzima, juu ile kazi munajua inaletaka magomvi, leo ni zamu ya nani, jana nani alisahau taa ikashinda inawaka mpaka muchana. Itakuwa na jicho. Giza ikiingia jicho linawasha, kukicha linazima. Jicho halina zamu, halina ndugu."

Balipiga makofi. Halafu muzee mumoya akasimama na fimbo yake akauliza kitu mpaka leo nakiheshimu: "Mutoto wangu, huku kwetu jua linazamaka saa 12 kila siku ya Mungu. Jicho la nini? Si tuweke minuteri peke yake?" Na ni kweli, sisi tuko karibu kabisa na mustari wa ikweta, mwaka muzima saa ya jua kuzama inasogea nusu saa hivi tu. Mimi nilimujibu habari ya mvua, kwamba wingu likifunga saa 10 ya mangaribi minuteri haioni kitu. Jibu halikuwa mubaya lakini halikuwa lile kubwa. Lile kubwa nililijua kisha, na nitafika pale.

Tulichanga, tukanunua, duka ikatuma fundi wake mwenyewe kuifunga. Kumbukeni hiyo, fundi alikuwa wao. Mangaribi tukakusanyika ku poto, shefu yuko, batoto bamejaa. Giza ikaingia, taa ikawaka, vigelegele! Bamama balianza kuimba. Nilihesabu kama nusu dakika hivi. Ikazimika. Tukasema ni kuran. Kisha kidogo ikawaka, tukapiga makofi tena, nusu dakika ikazimika. Ikaendelea vile, inawaka, inazimika, inawaka, inazimika, usiku muzima, kama kitu kinapumua. Bale balikuwa hawakutaka kuchanga balianza kusema makuta ya kijiji yameliwa, na mimi njo nilikuwa nimesimama kusoma ile karatasi. Ile usiku sikulala.

Kesho yake Mama akaenda ku duka, na yale maneno ya koroboi njo alipewa.

Sasa kama ungeniuliza siku ile, ningesema musinunue, taa za jicho ni uongo mutupu. Ningekosea. Kijana wa dada yangu, mwenye kutengenezaka maredio, alirudisha taa ku poto, na giza ikiingia akapanda na ngazi akafunika jicho na skoch nyeusi. Taa ikawaka ikabaki inawaka, dakika 10, dakika 20, haikucheza. Akatoa skoch, akahesabu kwa sauti, nusu dakika tena ikazimika. Akashuka anacheka, akasema, "Mjomba, hii taa inajiona yenyewe."

Munaelewa? Fundi wa duka alifunga jicho chini ya taa, karibu kiganja kimoya, limeangalia ampuli, juu kable ilikuwa fupi na hakutaka kurudi kutafuta ingine. Jicho halijue kama mwanga unatoka ku jua ao unatoka ku ampuli, mwanga ni mwanga. Giza inaingia, linawasha. Taa inalimulika usoni, linasema kumekucha, linazima. Giza inarudi, linawasha. Na ile nusu dakika si ugonjwa, imewekwa kwa makusudi, jicho linangojeaka kwanza ili moto ikipita na fara zake, ao radi ikimulika, taa isizimike ovyo. Kwa hiyo ukiona taa inawaka na kuzimika kwa kipimo kimoya kama pumzi, inajiona. Ikicheza bila kipimo, mara hivi mara vile, tafuta kable imelegea. Ikiwaka muchana, panda upanguse jicho kwanza, juu huku vumbi yetu nyeusi inalifunika na linafikiri ni usiku.

Dawa ilikuwa ya dakika chache. Tulilihamisha juu ya taa, upande wa nyuma ya poto, likaangalia mbinguni, na kijana akakata mukebe wa tomate akaufanya kama kofia kati yake na ampuli. Skru 2. Usiku ule taa iliwaka karibu na saa 12 na robo na haikuzimika. Skru 2 na mukebe wa tomate, na mutu wa duka hakuweza kumuambia Mama hata neno moya, "mugeuze jicho." Alijua ao hakujua? Kama alijua akanyamaza ni mutu mubaya. Kama hakujua, kwa nini anauza?

Basi nikaanza kusifu taa kila fasi. Juma 2 hivi. Kisha tukafunga minuteri, nayo ikanirudisha fasi ya hasira.

Ile walitupatia ni ya duara, ya vijino vidogo vya kuzunguka, ndani iko na moteri inayozungushwa na kuran. Haina betri. Na ninyi munajua kuran yetu. Siku moya ilikatika saa 1 ya usiku ikarudi saa 4. Ile masaa 3 yote minuteri ilikuwa imesimama, na ikiamuka inaendelea pale iliachia, haijue kitu kimepita. Tuliipanga izime saa 5, ikazima saa 8 ya usiku. Hiyo si shida sana, ni yunite kidogo tu zimepotea. Lakini saa 10 na nusu yake imekuwa saa 1 na nusu ya asubui, jua limeshapanda, jicho limeshazima. Kwa hiyo bamama balishuka ku maji ndani ya giza kabisa, ile giza ya mawe meusi, chini ya taa muzima yenye haina kosa. Mumoya akaanguka na bidoni ya litre 20. Na kila kuran ikikatika masaa yanaongezeka juu ya masaa, hayajirekebishe peke yake.

Njo jibu la yule muzee. Nilienda kwake nikamuambia: jua letu halisogei, lakini kuran yetu inakatika, na minuteri inahesabu kuran, jicho linaangalia mbingu. Kuran ikirudi saa yoyote, jicho linaona giza, linawasha. Halina kitu cha kukumbuka. Muzee alinyamaza kidogo akasema, "Sasa kumbe ni minuteri njo haina kazi." Sikuwa na la kumujibu.

Lakini hapo pia sitaki kusema uongo. Ziko minuteri za betri ndani, za namba, zinashika saa hata kuran ikikosa siku nzima, na nikizipata nitazipima. Na ukiweka yoyote, minuteri inatangulia, jicho linafuata. Ukigeuza, jicho linakata kuran ya minuteri muchana wote na saa inasimama kila siku hata kama kuran haijakatika, na hapo utalaumu kiwanda bure.

Kwa sasa tumeitoa, taa inakaa na jicho peke yake, inakula karibu yunite 11, na ku mukutano wa pili nilisimama nikasema wazi kwamba zile yunite 6 za karatasi yangu hazikupatikana. Manyumba 18 yote yalikubali kuongeza, hata bale ba kwanza.

Kwa hiyo taa yenyewe? Ninunue tena? Ndiyo, kesho, na ya pili tunaitaka ku njia ya kanisa. Hapana, ngoja, si ku ile duka, hata bakinipunguzia nusu ya bei. Minuteri ya vijino bado iko kwangu ndani ya kitenge kile kile, na Mama anasema hataki kuirudisha yeye. Nitaipeleka mimi, juma hili, na nitaomba yule mutu aifungue kitenge mbele yangu.