Kumbadilisha mtu mzima kwenye video: kazi yote iko miguuni

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia zana moja ya wazi inayomtoa mtu kwenye video na kumweka mwingine, kuanzia utosini hadi unyayoni, huku mwendo ukibaki wa yule wa kwanza. Inaendeshwa kwenye kompyuta yako mwenyewe, ilimradi iwe na kadi ya picha yenye kumbukumbu ya kutosha. Unaipa video ya mtendaji na picha moja ya mtu atakayeshika nafasi yake, nayo inakurudishia chumba kilekile, kamera ileile, mtu mwingine. Kwa sura na mavazi sina malalamiko. Mwendo ndio wenye maneno, na mengi nitakayoyasema utayakuta kwenye zana yoyote ya aina hii, kwa sababu zote zinaanzia pamoja: kutafuta viungo vya mwili katika kila fremu.

Nichukue kipande kimoja kilichonifunza zaidi. Ni cha sekunde 8, fremu 24 kwa sekunde, yaani fremu 192. Kamera imesimama juu ya miguu mitatu, haitikisiki. Mwanamume mrefu aliyevaa fulana na suruali anaingia kutoka kushoto, anapiga hatua tano, anageuka kwa kisigino mpaka mgongo unaelekea kamera, anarudi upande wa mbele, anaketi kitini na kuinua kikombe kilicho mezani. Anayechukua nafasi yake ni mwanamke mfupi kidogo aliyevaa koti refu linalofika chini ya magoti. Wote wawili walikubali kwa maandishi. Bila hilo kazi ya namna hii siigusi.

Hatua ya kwanza ni kusoma mkao. Zana yangu inatumia DWPose, ambayo inatambua pointi 133 kwa kila mtu: 17 za mwili, 6 za nyayo, 68 za uso na 42 za mikono. Ukisikia hivyo unadhani miguu imehesabiwa. Tatizo ni kwamba pointi hizo zinapochorwa kuwa kiunzi cha mistari ya rangi, mchoro ambao modeli ya kutengeneza picha inausoma, mara nyingi mstari wa mguu unaishia kwenye kifundo. Kisigino na vidole havichorwi. Kwa hiyo modeli inajua kifundo kiko wapi, lakini haijui kama unyayo umelala sakafuni, umesimamia kisigino au umesimamia vidole. Inakisia. Ndiyo maana ukimtazama mtu mpya kuanzia kiunoni kwenda juu unaridhika kabisa, kisha ukishusha macho unaona anaelea.

Kabla ya kutengeneza fremu hata moja, siku hizi naitazama video ya kiunzi peke yake kwa kasi ya chini. Pale ndipo makosa makubwa yanapoonekana kwa bei rahisi. Kosa baya kuliko yote kwenye kipande hiki lilikuwa kwenye mgeuko. Mtu anapoipa kamera mgongo, uso hauonekani, na kitambuzi kinaweza kuuchukua mguu wa kulia kuwa wa kushoto. Kwenye kiunzi kila upande una rangi yake, basi utaona rangi za miguu zikibadilishana ghafla ndani ya fremu moja, kisha baada ya fremu chache zikirudi. Mgeuko wa kweli haufanyi hivyo. Miguu hukaribiana, hupishana, kisha huachana, na safari hiyo inachukua fremu kadhaa. Usipolirekebisha, mtu mpya ataonekana kama magoti yake yamekunjika kinyumenyume kwa kufumba na kufumbua, na mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja.

Dawa yake ni ndogo. Zana inahifadhi pointi kwenye faili la JSON, kila pointi ikiwa na nafasi ya mlalo, nafasi ya wima na kiwango cha uhakika. Pointi za mwili zimepangwa kwa mpangilio wa pointi 18 wa OpenPose, yaani zile 17 pamoja na shingo, na humo nyonga, goti na kifundo cha kulia ni namba 8, 9 na 10. Vya kushoto ni 11, 12 na 13. Ukishazisoma pointi za fremu moja ndani ya jedwali la `numpy` liitwalo `p`, kila pointi kwenye mstari wake, fremu zilizoharibika unazigeuza hivi:

```python
kulia, kushoto = [8, 9, 10], [11, 12, 13]
p[kulia + kushoto] = p[kushoto + kulia]
```

Kiwango cha uhakika nacho kinasaidia kuzitafuta. Kikishuka kwenye magoti yote mawili kwa pamoja, hapo pana la kutazama. Lakini usikiamini peke yake, maana kitambuzi kinaweza kukosea huku kikijiamini kabisa.

Kisha kuna mtetemo. Mtu akisimama tuli, pointi za kifundo chake hazitulii. Hucheza pikseli moja au mbili huku na huku, na modeli inaugeuza mchezo huo kuwa mguu unaotetemeka. Zana ina kitelezi kimoja cha ulainishaji, na kishawishi ni kukivuta hadi mtetemo uishe. Hapo mwendo unakufa. Kisigino kinapogonga sakafu, mguu husimama ghafla, na ghafla hiyo ndiyo uzito wa mtu. Ulainishaji mkubwa unaigawa ghafla hiyo kwenye fremu za kabla na za baada, basi mtu anatembea kama yuko ndani ya maji. Mkono nao unakifikia kikombe baada ya kikombe kuanza kupanda.

Nilichokikuta kinafaa ni kichujio cha One Euro, ambacho kinalainisha sana pointi inapokwenda polepole na kuachia inapokwenda kasi. Unyayo uliotua unatulia, hatua inabaki na ukali wake. Na kwa kuwa video nzima tayari ipo, hakuna sababu ya kukubali ucheleweshaji: napitisha kichujio kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kutoka mwisho hadi mwanzo, na kuchelewa kwa upande mmoja kunafutana kwa kiasi kikubwa na kwa upande wa pili. Ningependa zana iwe na jambo hili ndani yake badala ya kitelezi kile, ambacho kwa maoni yangu kinadhuru zaidi ya kusaidia.

Sasa tuje kwenye urefu wa mwili, ambako hakuna kitufe kitakachokuokoa. Zana inakupa uchaguzi wa kurekebisha kiunzi kifuate urefu wa mifupa ya mtu mpya. Ukimhamishia mtu huyo kwenye mandhari yake mwenyewe, uchaguzi huo ni mzuri. Ukimweka kwenye chumba cha video ya awali, hesabu inagoma. Tuseme mguu wa mtendaji una sentimita 90 na wa mtu mpya una 81, upungufu wa asilimia 10. Hatua ya sentimita 70 inakuwa 63. Kwa hatua tano, mtendaji alitembea mita 3.5, ila mtu mpya atafika mita 3.15 tu. Kiti kiko palepale. Ama aketi hewani sentimita 35 kabla ya kiti, ama kila hatua iteleze sentimita 7 ili afike. Na mtelezo wa sentimita 7 unaonekana kwa jicho la mtu yeyote.

Kwa hiyo kwenye kazi ya kubadilisha mtu ndani ya chumba kilekile, nazima marekebisho hayo na kumwacha mtu mpya avae vipimo vya mtendaji. Matokeo yake mwanamke wetu alitoka mrefu kuliko alivyo. Asiyemjua hawezi kugundua, ila yeye mwenyewe aligundua mara moja na akacheka. Ikiwa urefu wa kweli ni wa lazima, tafuta mtendaji mwenye umbo linalokaribiana naye. Ni rahisi kuliko kuhangaika na namba.

Kuna pia suala la kina. Pointi hizi ni za bapa. Mtendaji alipoketi akiielekea kamera, mapaja yake yalionekana mafupi kwa sababu ya pembe, na kiunzi kikaandika mapaja mafupi tu. Koti refu lilificha aibu hiyo. Kwa mtu aliyevaa kaptura ingeonekana. Zipo njia zinazotumia umbo la pande tatu kama SMPL, na kwa kuketi na kuinama zinajua zaidi, lakini kwa kamera moja nazo zina mtelezo wao wa miguu, kwa kuwa umbali kutoka kwenye kamera ni wa kukadiria.

Koti hilo hilo lilileta kazi kwenye maski, yaani eneo linalofutwa ili mtu mpya achorwe. Maski iliyobana mwili wa mtendaji inamlazimisha mtu mpya kuingia ndani ya umbo la suruali, na pindo la koti linakatwa kati ya miguu. Niliipanua maski mpaka ikafuata umbo pana lenye kingo za mraba, lisilofanana na mwili wowote, na koti likapata nafasi ya kupepea kwenye mgeuko. Gharama yake ni kwamba kila kilichomo ndani ya maski kinabuniwa upya. Mgongo wa kiti ulipoteza ubao mmoja kwa fremu kadhaa. Kikombe nilikitoa nje ya maski kilipokuwa mezani, kisha nikakiingiza ndani tangu vidole vilipokigusa, maana kikombe halisi na vidole vya kubuni havikai pamoja vizuri.

Kivuli usikisahau. Maski hufuata mtu, haifuati kivuli chake, kwa hiyo kivuli cha suruali kilibaki sakafuni chini ya mwanamke mwenye koti. Nilikiongeza kwenye maski kwa mkono na zana ikachora kivuli kipya, hafifu kidogo lakini kinachogusana na viatu. Hilo peke yake lilipunguza hisia ya kuelea kuliko nilivyodhani.

Kuhusu urefu wa video, zana inatengeneza fremu kwa mafungu na kuyaunganisha, na rangi ya ngozi huhama kidogo kadiri mafungu yanavyoongezeka. Kwa sekunde 8 haisumbui.

Nikimaliza, naangalia hivi: nafunika nusu ya juu ya skrini, nachora mstari wa wima kwenye kisigino kilichotua, na kusogeza fremu moja moja hadi kisigino kiinuke. Kisipouacha mstari, kipande kimepita. Kwenye kipande hiki hatua nne zilipita. Ya tano, ile ya kuingia kwenye mgeuko, bado inateleza kidogo, kwa sababu mtendaji anazunguka juu ya kisigino, na kisigino ndicho kiunzi hakikichori.

Zana hii nitaendelea nayo kwa mtu anayetembea, anayesimama kuzungumza, anayeketi. Kwa watu wawili wanaokumbatiana au kupigana mieleka siitumii: viungo vya huyu vinahesabiwa kuwa vya yule, na kuvitenganisha kwa mkono kunachukua muda mrefu kuliko kupiga video upya.