Fomu za Facebook au tangazo la WhatsApp? Uzoefu wangu na kliniki ya meno

Kwa kliniki ndogo ya meno upande wa Donholm, Nairobi, nimetumia njia zote mbili kukusanya maulizo, na WhatsApp ndiyo naipa alama za juu. Fomu inayofunguka ndani ya Facebook mtu akigusa tangazo si mbaya, ila ukiiacha jinsi inavyokuja itakuletea majina matupu.

Kinachoiponza ni urahisi wake. Mtu akigusa tangazo, Facebook humjazia jina, namba ya simu na barua pepe kutoka kwenye akaunti yake. Anabonyeza mara mbili tatu, imekwenda, pengine bila kusoma ni ya nini. Namba yenyewe huenda ni ya laini aliyoitupa zamani. Mapokezi wakipiga, simu haipatikani, au anayepokea anashangaa: "Fomu gani tena?"

Unapotengeneza fomu, kwenye Form type toa More volume uweke Higher intent. Hapo mtu huonyeshwa majibu yake ayathibitishe kabla ya kutuma. Kisha ongeza swali moja ambalo Facebook haiwezi kumjazia. Langu ni "Unaweza kufika Donholm siku gani?", na siku za kuchagua. Linamchuja hata aliye Kangemi, ambaye hatavuka mji mzima na foleni zake kwa sababu ya jino moja. Ugonjwa usiuulize kwenye fomu. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na swali hilo ni la daktari. Majina yapakue mapema pia, kwani baada ya siku 90 hutayapata.

Tangazo la WhatsApp likiguswa hufungua mazungumzo nawe, kwa hiyo namba ni hai, maana ndiyo mteja anayokuandikia. Shida yake ni kimya. Mteja anatuma ule ujumbe ulioandaliwa tayari, unamjibu "Karibu, tukusaidie nini?", naye anapotea. Jibu la kwanza litaje bei ya kumwona daktari, kisha limpe saa mbili za kuchagua, mfano leo saa kumi au kesho saa tatu asubuhi. Na usiku kama hakuna wa kujibu, tangazo lisionekane: ukiweka Lifetime budget unaweza kupanga saa zake.

Msidanganywe na bei ya kila jina. Tuseme kila njia imekula shilingi 5,000. Fomu imeleta majina 50, yaani shilingi 100 kila moja. WhatsApp mazungumzo 20, shilingi 250 kila moja. Ripoti itaipa fomu ushindi. Lakini kama waliokalia kiti cha daktari ni 2 wa fomu na 5 wa WhatsApp, mgonjwa mmoja amegharimu 2,500 huku na 1,000 kule. Ads Manager haina habari nani alifika, kwa hiyo mapokezi waandike daftarini kila mgonjwa ametokea wapi.

Shule inayosajili wanafunzi wa muhula ujao ningeiachia fomu. Mzazi hana haraka ya leo, na orodha inaweza kungoja hadi asubuhi. Mwenye jino linalouma hangoji.